Si Yangu! Narudisha!

Kutunga maneno machache ambayo watoto mia nne watayapaza kwa pamoja asubuhi, wakayaelewa, na kufikia Ijumaa wasiwe wameyachoka, ni ufundi mzito. Walimu wa shule za msingi za Singida huufanya mstarini, kati ya ukaguzi wa kucha na kuingia madarasani, na ni nadra mtu kuwapa sifa kwa hilo. Mimi nawasifu, na nitaeleza sababu kwa mwito mmoja unaofundisha uaminifu.

Mtoto wa Kitanzania hafundishwi kuitikia. Amekuwa akijibu vitendawili na hadithi tangu nyumbani, na mchakamchaka wa shuleni huenda kwa mtindo huohuo: mmoja anatoa, wengi wanapokea. Kwa hiyo mwalimu wa zamu anawakuta wanafunzi wenye zoezi tayari. Kazi iliyobaki ni maneno, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Tuseme shule iko upande wa Puma au Mtinko, na kalamu zimeanza kupotea darasani. Wazo la kwanza humjia kila mtu: kiongozi aseme “Tuwe waaminifu!”, watoto wajibu “Ndiyo mwalimu, sisi tutakuwa waaminifu siku zote!” Hesabu mizani ya jibu hilo. Ni ishirini. Darasa la saba watafika mwisho wakati darasa la kwanza bado wako katikati, na watoto wa awali, ambao nyumbani wanazungumza Kinyaturu au Kinyiramba na Kiswahili ndio kwanza wanakizoea, watabaki wakifungua midomo tu. Wazo la pili ni fupi mno: “Uaminifu!” nao wanajibu “Hoyee!” Linapazika vizuri sana, lakini halifundishi kitu. “Hoyee” inafaa kwa uaminifu, kwa timu ya mpira na kwa mgeni rasmi vilevile. Neno la funzo amelibeba kiongozi peke yake, na mtoto ameachiwa kelele.

Kanuni ninayoiamini ni kwamba tendo likae kwenye jibu, kwa sababu jibu ndilo linalotoka kinywani mwa mtoto. Na liwe tendo analoweza kulifanya leo kabla ya mapumziko. Uaminifu wa mtoto wa miaka minane ni kuokota kalamu isiyo yake na kuirudisha. Basi mwito unakuwa hivi:

Kalamu njiani! — Si yangu!
Rula darasani! — Si yangu!
Pesa uwanjani! — Si yangu!
Nitaifanyaje? — Narudisha!

Uangalie kwa karibu. Kila mwito una mizani sita, kwa hiyo mtoto anajua kwa sikio zamu yake inafika lini, hata kama neno moja limempita. Jibu lina mizani mitatu mara tatu, kisha minne mara moja. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa silabi hiyo katika kila mwito ni ya irabu “a”: njia-, darasa-, uwanja-, -fanya-. Kinywa kinafunguka pale hasa nguvu inapohitajika. Singida hili lina maana kubwa, kwa sababu upepo wa huku wa kiangazi hauna mchezo. Unakula “s” na “sh” na “f” kabla hazijafika mstari wa pili, na kinachosalimika ni irabu.

Kuna mtego mwingine ambao mtunzi asiye makini huuona siku ya pili. Kalamu, rula na pesa ziko katika ngeli moja, ndiyo maana zote zinapokea “si yangu”. Kiongozi akijisahau akaita “Kitabu!”, jibu sahihi linakuwa “si changu”, akiita “Daftari!”, linakuwa “si langu”. Nusu ya mstari watasema hivi, nusu vile, na sauti itavunjika palepale. Mwalimu anayetaka kuongeza vitu vingine na avichague katika ngeli ileile. Ndala inafaa, soksi inafaa, kofia inafaa.

Maneno yakishakaa sawa, uwanja nao una madai yake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mistari ikiwa mirefu kiasi cha mita 50, wa mwisho wanamsikia kiongozi akiwa amechelewa karibu sehemu moja ya saba ya sekunde, na jibu lao linamrudia kwa ucheleweshaji uleule. Ni kidogo kwa saa, ila sikio linaona: jibu linasikika kama limepasuka mara mbili. Wanaofuata sauti hawawezi kukutana. Wanaofuata mkono wanakutana, maana jicho halicheleweshwi. Kiongozi anyanyue mkono anapoita na aushushe jibu linapotakiwa. Asimame mashariki ya wenzake kama upepo unatoka mashariki, aupe mgongo. Mistari ikipangwa pande tatu kumzunguka, hakuna aliye mbali sana. Na asubiri sauti ya mwisho irudi kabla hajaita tena; viranja wenye haraka humeza majibu ya watoto wa nyuma, na watoto hao huacha kujibu bila kumwambia mtu.

Kwa uongozi huo ningemchagua dada mkuu, au mvulana ambaye sauti yake bado haijavunjika. Sauti nyembamba hupenya upepo kuliko sauti nzito ya mwalimu. Mwalimu akikaa pembeni anapata pia nafasi ya kuangalia midomo.

Ugonjwa unaoua miito mingi ni kuvuta. Tunaujua wote kutokana na salamu ya darasani, ile “shikamoo mwaaalimuuu” inayotambaa hadi dakika iishe. Ikifika “siii yaaanguuu”, ujue watoto wameacha kusikiliza. Dawa yake ni kofi moja baada ya kila jibu. Mikono ikipigwa, sauti haina budi kukatika.

Lakini sauti nzuri peke yake haimhakikishii mwalimu kwamba funzo limeingia. Hapo kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Wiki ya pili, katikati ya mwito, kiongozi aingize bila kutangaza: “Nimepewa rula!” Mizani ni sita ileile. Anayesikiliza atajibu “Ni yangu!”, na anayefuata mdundo atasema “Si yangu!” Watacheka, na kicheko hicho kina kazi, kwa kuwa kuanzia hapo kila mtoto anaupima mwito kabla ya kuujibu. Mtego huu uwekwe mara moja tu kwa wiki, ukizidi unageuka mchezo na mwito wenyewe unapotea.

Na pawe na mahali pa kurudisha. Mtoto aliyepaza “Narudisha!” saa moja na nusu, akaokota shilingi mia saa nne, akakosa wa kumpa, amefundishwa maneno matupu. Boksi la chaki lililokwisha linatosha, liwekwe mezani ofisini, na mwalimu wa zamu alifungue mstarini kesho yake ili wenye vitu wavichukue mbele ya wote.

Mwalimu unayeingia zamu Jumatatu, chukua karatasi uandike miito minne ya kwako, uihesabu mizani, kisha uijaribu kwa watoto kumi wa darasa la kwanza chini ya mti kabla hujaipeleka mstarini. Wakikwama mara mbili mahali pamoja, badilisha neno hilo.