Tundu la Mkanda

Mnunuzi wa sandali za safari akiingia dukani, kidole gumba chake huenda moja kwa moja kwenye soli. Akibonyeza na ikabonyea, roho yake inatulia. Fundi wa makatambuga ukimpa sandali hiyohiyo ataipindua juu chini na kutazama mkanda unapoingilia. Nimekaa sana na mafundi hawa pembezoni mwa masoko ya Arusha, na naamini wao ndio wanaotazama mahali panapoamua safari ya kutwa nzima.

Kazi yao huanzia kwenye kuchagua tairi. Lenye tabaka za nailoni hukatika kwa kisu. Lenye nyaya za chuma linachosha mkono, na hata fundi akilishinda, ncha za nyaya huweza kuchomoza baadaye na kumchoma mvaaji. Kulitambua ni rahisi likishakatwa: nyuzi huonekana zimechambuka pembeni, nyaya humetameta. Mteja hukanyaga juu ya mpira, fundi akauzungushia wayo chaki, kisha akakata nje kidogo ya mstari. Kisu hakikauki maji, kwa sababu mpira mkavu hukishika na kukipotosha njia.

Baada ya hapo huja kupunguza unene, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Fundi hushika tabaka moja kwa koleo, akalivuta huku ncha ya kisu ikipita taratibu kati yake na tabaka la chini. Akiacha mpira mnene mno, soli haitakunjika chini ya vidole, na mvaaji atatembea akiinua mguu mzima kama ubao. Akipunguza kupita kiasi, matundu ya mikanda hayatakuwa na nyama ya kuyashikilia. Mbinuko wa tairi lenyewe haupingi. Upande uliokuwa ukigusa barabara hubaki chini, hivyo ncha ya mbele na kisigino huinuka kidogo zenyewe, na mguu hupata msaada wa kuviringika kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Kisha matundu. Huchomwa kwa patasi nyembamba pembeni mwa soli: ya mbele karibu na mzizi wa vidole, ya nyuma chini ya kifundo cha mguu, unakotokea mkanda wa kuzunguka kisigino. Kila tundu ni jembamba kidogo kuliko mkanda wenyewe, ili mpira uung'ang'anie mpira. Mkanda hulazimishwa kupita kwa koleo, ndipo msumari mfupi huongezwa kama mlinzi, na ncha yake ikalazwa. Tundu likisogea mno ukingoni, litachanika siku ya mteremko wa kwanza. Likiingia mno ndani, mguu utakuwa unaukanyaga mkanda, na kufika mchana kutakuwa na mstari mwekundu pembeni mwa wayo. Tofauti ya mahali hapo pawili haifiki upana wa kidole. Tundu lenyewe pia halichomwi wima tu. Hulazwa kidogo kufuata mkanda unakoelekea, ili mkanda ulale bapa juu ya ngozi. Ukitaka kujua kama fundi alipatia, tembea nusu saa kisha vua. Alama pana na hafifu ni nzuri. Alama nyembamba kama ya uzi maana yake ukingo mmoja wa mkanda ndio unaobeba mzigo wote, na malengelenge yatakuja.

Viwanda vilifika kwenye swali hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 1984 Mark Thatcher, mwongoza watalii katika mto wa Grand Canyon huko Marekani, aliongeza mkanda wa velkro nyuma ya ndala ili isichukuliwe na maji. Ndivyo Teva ilivyoanza. Miaka mitano baadaye Mark Paigen, naye mtu wa mitoni, akaanza kutengeneza sandali za Chaco huko Colorado, na yeye akaupitisha mkanda mrefu ndani ya soli kabisa, ukitokea upande mmoja na kurudi upande mwingine. Unauvuta kwenye bizimu moja, na mshiko wa mguu mzima unakaza. Nikiitazama Chaco naiona katambuga iliyosoma shule nyingine.

Uwezo huo wa kukaza na kulegeza ndio ambao katambuga haina. Mguu huvimba kwa joto na kwa kutembea, na sandali iliyokaa sawasawa asubuhi hubana alasiri. Mkanda wa mpira hutanuka kidogo, basi. Wa ngozi, kama wa makubadhi ya Pwani, hulegea ukilowa na kuwa mgumu ukikauka, na makubadhi mengi hayana cha kushika kisigino. Yanafaa kwenda msikitini na sokoni. Ukiyapeleka mbali, vidole vitafanya kazi ya kuyang'ang'ania hatua kwa hatua, hadi misuli ya muundi ilalamike. Velkro hurekebishika upesi, lakini mchanga na nyuzinyuzi vikijaa humo haishiki tena. Kwa nchi ya vumbi mimi huchagua bizimu.

Sasa turudi kwenye ile soli iliyobonyea. Sponji nyepesi ya sandali nyingi ni vijichumba vya hewa, na kisigino huviponda kimoja kimoja. Sandali iliyotumika itazame kwa ubavu: chini ya kisigino imekuwa nyembamba, na ulaini ulioununua umeisha. Poliyurethani ni nzito zaidi na huhifadhi umbo, ila unyevunyevu huila polepole. Jozi iliyowekwa kabatini Tanga miaka kadhaa inaweza kumeguka vipande siku inapovaliwa. Mpira wa tairi hauna ulaini wa kupoteza. Hukulipisha kwa uzito, kwa joto la mpira mweusi juani, na kwa utelezi wa jasho chini ya wayo.

Chukua siku moja ya njia ya Usambara, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, ambako watembezi hupanda na kushuka udongo mwekundu hadi jioni. Asubuhi nyasi zina umande, na soli ya mpira inateleza chini ya wayo; yenye uso wa mikwaruzo inashika. Mchana mguu umevimba, bizimu inalegezwa. Alasiri kwenye mteremko mguu wote unataka kusukumwa mbele, na hapo mkanda wa juu ya wayo, ukiwa mpana na umetokea mahali pake, ndio unaozuia vidole visivuke ukingo. Kwa siku hiyo ningevaa sandali ya kiwanda yenye mkanda uliopita ndani ya soli. Kwenye mbuga za Longido ningeiacha nyumbani. Mwiba wa mgunga hupenya sponji bila taabu. Katika tairi huvunjika.

Na mkanda hukatika. Ule uliogandishwa kwa gundi kati ya tabaka mbili za soli ukichomoka porini, huna pa kuushikiza. Wa katambuga unahitaji kipande cha tyubu, msumari na jiwe. Kwa hiyo hata dukani, kabla ya bei, mimi huipindua sandali na kuuliza mkanda umefungiwa wapi. Muuzaji asipojua, nauvuta kwa nguvu mbele yake.