Wachezaji wa akiba: kutoka sifuri hadi watano

Katika Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza, timu haikuruhusiwa kubadilisha mchezaji mechi ikishaanza. Pelé alipoumizwa dhidi ya Ureno aliendelea kuchechemea uwanjani, na Brazili ikafungwa 3–1. Kocha alipanga kikosi chake kabla ya mechi, na baada ya hapo aliweza tu kuwahamisha nafasi wale wale kumi na mmoja.

Ligi ya Uingereza ilifungua mlango mwaka 1965 kwa mchezaji mmoja wa akiba, tena kwa ajili ya majeruhi tu. Kombe la Dunia la 1970 liliruhusu wawili kwa sababu yoyote, na kuanzia 1995 timu ikaweza kubadilisha watatu.

Hata watatu walitumiwa kwa tahadhari. Kocha aliyewaingiza wote mapema alijua kwamba mwingine akiumia, timu ingemaliza pungufu. Kwa hiyo aliweka nafasi moja akiba hadi dakika za mwisho, na mabadiliko mengi yakawa ya kuziba pengo: aliyechoka hutoka, wa nafasi ile ile huingia.

Mwaka 2020, ratiba ilipobanwa na janga la korona, timu ziliruhusiwa kwa muda kubadilisha wachezaji watano. Mwaka 2022 ruhusa hiyo ikawa sheria ya kudumu. Ili mechi isikatizwe mara kwa mara, timu ina fursa tatu tu za kufanya mabadiliko, mbali na mapumziko. Anayetaka kutumia wote watano bila kutegemea mapumziko hulazimika kuwaingiza wawili au watatu kwa pamoja, na hapo ndipo mfumo mzima unapoweza kugeuzwa.

Japani ilionyesha hivyo dhidi ya Ujerumani nchini Qatar mwaka 2022. Ilikuwa nyuma 1–0 wakati wa mapumziko, huku mabeki wanne wakizidiwa pembeni. Kocha Hajime Moriyasu alimtoa kiungo mshambuliaji Kubo, akamwingiza beki Tomiyasu, na nyuma wakawa mabeki watatu wa kati. Dakika ya 57 waliingia Mitoma na Asano, kisha Doan dakika ya 71 na Minamino dakika ya 75. Nafasi za pembeni, ambazo awali zililindwa na mabeki, sasa zilishikwa na washambuliaji wenye mbio. Muda mfupi baadaye Mitoma alimpasia Minamino, kipa Neuer akautema mpira, Doan akafunga. Dakika ya 83 Asano akaupokea mpira mrefu wa Itakura na kufunga la pili. Wafungaji wote wawili walitoka benchi.

Mpango huo ulikuwa na gharama yake. Kuanzia dakika ya 75 Japani haikuwa tena na mchezaji wa kubadilisha, na kama beki mmoja angeumia, ingemaliza na watu kumi. Isitoshe, sheria huzipa timu zote mbili watano, hivyo yenye benchi pana zaidi ndiyo hufaidika zaidi.