Sufuria moja ya githeri, hesabu tatu

Tuseme kuna nyumba moja pale Othaya, nusu saa hivi kutoka mjini Nyeri. Anaishi kijana wa miaka 35, karani wa ofisi, kilo 70, ambaye siku nzima huwa kitini kazini au kitini ndani ya matatu. Yuko mpwa wake wa miaka 22, kilo 56, mkimbiaji aliyerudi likizo kutoka mazoezini Nyahururu. Na yuko shosho wa miaka 74, kilo 50. Jioni wote watatu wanakula kutoka sufuria moja. Nimechora nyumba hii kwa makusudi, kwa sababu ukipiga hesabu ya protini ya kila mmoja wao unagundua jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: chakula kinachomtosha mkimbiaji kinamwacha shosho na njaa ya protini, ingawa shosho ameshiba.

Tuanze na karani, maana kipimo chake ndicho msingi wa vingine. Mwili wa mtu mzima hauhifadhi protini akibani kama unavyohifadhi mafuta. Kila siku hubomoa na kujenga upya karibu gramu 300 za protini, na sehemu kubwa ya asidi amino zinazotoka kwenye ubomoaji huo hutumika tena palepale. Kinachopotea ni kidogo: naitrojeni inayotoka kwenye mkojo na kinyesi, ngozi inayobanduka, nywele, kucha. Chakula kinapaswa kulipia hasara hiyo tu. Watafiti walilipima jambo hili kwa kulisha watu viwango mbalimbali vya protini na kupima naitrojeni iliyoingia na iliyotoka, hadi pande mbili zikalingana. Mwaka 2003 vipimo vya watu 235 viliunganishwa, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yakachapisha jibu: mtu wa kawaida huhitaji gramu 0.66 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na gramu 0.83 huwatosha karibu watu wazima wote wenye afya. Karani wetu wa kilo 70 basi anahitaji gramu 58.

Mlo wa vijiji vya Nyeri ukijumlishwa kwa siku nzima, yaani nduma asubuhi, githeri mchana, mukimo au ugali usiku, na chai ya maziwa katikati, hutoa nishati yake kwa wingi kutoka kwenye wanga. Tuchukue kwamba sehemu moja kati ya kumi ya kalori hizo inatoka kwenye protini. Gramu moja ya protini ina kalori nne. Karani akila kalori 2,200, kalori 220 ni za protini, sawa na gramu 55. Amefika, au amekosa kwa kijiko kimoja cha maharagwe. Hana haja ya kuhangaika.

Sasa mpwa. Kukimbia kilomita 30 kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300 za Nyahururu, mji uliompa Samuel Wanjiru nguvu ya kutwaa dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, hufanya mambo mawili kwa protini. Kwanza, mwili huchoma sehemu ndogo ya asidi amino kama kuni. Ni asilimia chache tu ya nishati ya safari, lakini hupanda pale sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inapoisha. Pili, kila hatua ya kuteremka hupasua nyuzi ndogondogo za misuli ya mapaja, na viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli vinapaswa kuongezwa na kukarabatiwa. Ndiyo maana kipimo cha mkimbiaji wa masafa marefu kwa kawaida huwekwa kati ya gramu 1.2 na 1.6 kwa kilo. Tukishika 1.4, mpwa anahitaji gramu 78.

Je, anazipata bila unga wa protini wa makopo unaouzwa madukani? Hapa tuna kipimo halisi kutoka Kenya, ingawa ni cha upande wa Bonde la Ufa. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kila kitu walichokula wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu kambini, kwa siku saba. Asilimia 10.1 tu ya nishati yao ilitoka kwenye protini, na nyingi ilikuwa ya mimea. Lakini kwa sababu walikula karibu kalori 3,000 kwa siku, asilimia hiyo ndogo iligeuka gramu 75, sawa na gramu 1.3 kwa kilo. Sahani ileile ya wanga ikirudiwa mara nyingi huleta protini bila mtu kuitafuta.

Lipo onyo ndani ya takwimu hizohizo. Wakimbiaji hao walikadiriwa kutumia kalori kama 3,600 kwa siku, yaani 600 zaidi ya walizokula. Upungufu wa aina hiyo ukiendelea, mwili huanza kuichoma protini ya chakula badala ya kujengea misuli, na hapo gramu 75 hazifanyi kazi ya gramu 75. Kwa hiyo mpwa akianza kuamka na miguu mizito, akikonda mapaja na muda wake kurudi nyuma, tiba ya kwanza ni ugali zaidi na maziwa baada ya mazoezi, kabla ya kufikiria kopo lolote. Ugali humlindia protini yake.

Shosho ndiye aliyenifanya niandike.

Mtu akifika umri wa miaka 70 misuli yake huwa mizito kusikia. Kwa kijana, asidi amino zikipanda kwenye damu baada ya kula, hasa ile iitwayo lusini, misuli hupokea ishara na kuanza kujenga. Kijana huhitaji kama gramu 0.24 za protini kwa kilo katika mlo mmoja ili ujenzi ufike kileleni. Mzee huhitaji karibu gramu 0.4. Chini ya hapo ishara ni hafifu, ubomoaji unaendelea, na misuli hupungua kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Nguvu hupungua kwa kasi kuliko hata ukubwa wa msuli. Ndiyo sababu jopo la wataalamu mwaka 2013 lilipendekeza wazee wapate gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, na zaidi wanapougua.

Shosho wetu mwembamba wa kilo 50, anayehangaika kuinuka, anahitaji gramu 60. Hizo ni nyingi kuliko za karani mwenye kilo 70. Na kila mlo wake mkuu unapaswa kubeba gramu 20.

Tazama sasa siku yake. Asubuhi, chai ya maziwa na vipande viwili vya nduma: gramu 7. Mchana, kisahani cha githeri yenye mahindi mengi na maharagwe machache: gramu 10. Saa kumi, chai tena: gramu 4. Usiku, mukimo na mboga kidogo: gramu 9. Jumla ni 30, nusu ya mahitaji yake, na hakuna mlo hata mmoja uliofika 20. Familia haioni tatizo kwa sababu anakula chakula kilekile wanachokula wote, na hata anasema ameshiba. Ni kweli ameshiba. Kwa kalori 1,300 anazoweza kumaliza, sehemu moja kati ya kumi ni gramu 32 tu. Mpwa huokolewa na wingi wa chakula, naye shosho hana tumbo la wingi huo. Kinachobaki ni kubadilisha kilichomo ndani ya sahani.

Meno huzidisha jambo hili. Mzee akishindwa na mahindi magumu na nyama ya mifupa, huhamia viazi, ndizi na chai, vyakula laini visivyo na protini ya kutosha. Kila mmoja humwona akila.

Kurekebisha hakuhitaji chakula kigeni. Asubuhi, uji wa wimbi uliopikwa kwa kikombe kizima cha maziwa badala ya maji, na mayai mawili: gramu 22. Mchana, githeri ile ile lakini maharagwe au njahi yakizidi mahindi, yakichemshwa hadi yapondeke kwa ulimi, pamoja na glasi ya maziwa lala: gramu 21. Usiku, mukimo mdogo na nyama ya kusaga gramu 80 kabla ya kupikwa: gramu 20. Tumepita 60, na ziada hiyo inafaa kuachwa hapo, kwa sababu protini ya maharagwe haimeng'enywi yote kama ya maziwa na mayai. Mahindi na maharagwe yakikaa pamoja husaidiana: mahindi yana uhaba wa laisini ambayo maharagwe yanayo tele.

Mizani haitakuambia kama misuli inapungua, maana mafuta au maji ya kuvimba miguu yanaweza kushika nafasi ya msuli na kilo zikabaki zilezile. Pima kwa kiti. Mkalishe shosho kwenye kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano bila kujisukuma kwa mikono, huku ukisimama karibu asianguke. Wataalamu wa Ulaya katika mwongozo wao wa 2019 waliweka mpaka kwenye sekunde 15. Akizidi hapo, au akishindwa kabisa, misuli yake inatiliwa shaka na anafaa kuonwa na daktari.

Chakula peke yake hakitamrudisha. Msuli usiobebeshwa mzigo hausikii ishara hata lusini ikijaa kwenye damu. Katika jaribio moja la mwaka 2007, wazee wenye afya walilazwa kitandani siku kumi tu, wakila gramu 0.8 kwa kilo, na wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Kwa hiyo zoezi la kiti lililotumika kupimia ndilo pia la kufanya kila siku, mizunguko michache, na wiki zinazofuata kulazwa hospitalini ndizo zinazotaka uangalizi mkali zaidi.

Kuna mzee mmoja asiyefaa kupewa hesabu hii bila daktari: mwenye ugonjwa mkubwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu. Kwake protini nyingi huongeza uchafu ambao figo haziwezi kuutoa, na kiwango chake hushushwa. Akishaanza kusafishwa damu hali hugeuka, kwa kuwa asidi amino hupotea kwenye mashine na hulazimika kula zaidi. Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu la miaka mingi, kipimo cha damu cha figo kitangulie mayai yale mawili.

Shosho asiye na ugonjwa huo aanze na asubuhi, kwa kuwa ndio mlo wake mkuu ulio maskini kuliko yote. Andika sekunde zake za kiti leo, umpime tena baada ya miezi mitatu.