Upande wa Chini wa Jani

Kagongwa inajulikana kwa mchele. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu asubuhi, malori yanapakia, na pumba zinarundikana mpaka watu hawajui wazipeleke wapi. Nyuma ya nyumba moja pembezoni mwa mji huu wa Kahama kuna matuta machache ya Chinese, sukuma wiki na kunde, na mama anayeyatunza ni fundi kwa maana kamili ya neno hilo. Hana bomba la mgongoni. Ana ndoo, kinu, kipande cha kanga iliyochakaa, na tabia ya kupindua majani.

Kila asubuhi, kabla ya kumwagilia, anapita tuta kwa tuta akitazama upande wa chini wa jani, kwa sababu huko ndiko wadudu wanakokaa. Anayemsumbua zaidi ni kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu ambaye akikunja mbawa, mgongoni hutokea alama zinazofanana na almasi. (Sisi wa mkoa wenye Mwadui tungependa almasi ya aina nyingine.) Kiwavi wake ni wa kijani na mwembamba, hafikii urefu wa sentimita moja na nusu. Anapokuwa mchanga hula nyama ya jani kutoka chini na kuacha ngozi ya juu, hivyo jani hubaki na vidirisha vyeupe. Mguse kidogo, atajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Ukikuta vidirisha, umemwahi. Ukikuta jani limekuwa chujio, umechelewa.

Nondo huyu anasumbua dunia nzima. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka Java kwamba DDT haimdhuru tena kama zamani, na tangu hapo amezizoea sumu nyingi zilizofuata. Kwa hiyo anayenyunyizia bustani dawa ya pamba iliyobaki stoo anaweza kupata hasara mbili kwa pamoja: kiwavi asife, na mboga iingie jikoni na sumu ambayo haikutengenezewa majani ya kuliwa.

Mama huyu anatumia mbegu za mwarobaini. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakivamia Sudan na kula karibu kila jani isipokuwa la mwarobaini. Majani yana ukali wake, lakini nguvu kubwa imo ndani ya mbegu, na ufundi wote umelala katika kuitunza mbegu hiyo.

Matunda yakigeuka manjano huyaokota mapema kabla hayajaoza chini ya mti. Huyafikicha majini mpaka nyama yote itoke, kisha huanika mbegu juu ya mkeka kivulini, akizigeuza, mpaka zikitikiswa zilie. Jua kali huharibu dawa iliyomo. Mbegu kavu huziweka kwenye kikapu kinachopitisha hewa. Mfuko wa nailoni hataki hata kuuona, kwa sababu unyevu ukifungiwa humo huleta ukungu, na ukungu wa mbegu ni sumu nyingine kabisa. Siku ya kazi hubangua ganda na kutazama kiini. Cha kijani hukitia kinuni, cha kahawia au cheusi hukitupa. Nimemwona akikaa na sahani mapajani akichambua hivyo kwa muda mrefu, bila haraka yoyote, na naamini hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanatwanga vizima na vilivyooza pamoja, halafu wanasema mwarobaini hausaidii.

Kipimo chake ni nusu kilo ya viini kwa lita kumi za maji. Hutwanga mpaka viwe unga mzito wenye kunata, hufunga ndani ya kanga, hutumbukiza ndooni na kuifunika kivulini usiku kucha. Asubuhi hukamua lile furushi mara kadhaa mpaka maji yawe meupe kama maziwa. Hakosi kutia kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa, maana jani la sukuma wiki lina nta na maji matupu huteleza yakaanguka kama shanga.

Kisha anasubiri jioni. Mchana jua lingeimaliza dawa juu ya jani kabla kiwavi hajala vya kutosha. Kwanza huchuma mboga za kupika siku hizo, ndipo huchovya kifagio cha majani na kurushia kutoka chini kwenda juu, ili matone yafike kule alikopindua asubuhi. Maji ya siku hiyo hutumika siku hiyo. Kesho yake yamepungua nguvu. Ndoo haioshwi karibu na kisima wala majaruba, kwa sababu mwarobaini unaweza kudhuru samaki, na watoto hawaruhusiwi kuisogelea.

Asubuhi inayofuata mgeni angesema dawa imeshindwa, kwa kuwa viwavi bado wako hai. Mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo. Unamkatisha hamu ya kula na kumvuruga anapotaka kujivua ngozi. Yeye hatazami maiti, anatazama kinyesi: vile vipunje vya kijani vikipungua juu ya majani siku ya pili na ya tatu, anajua kazi inaendelea. Baada ya siku saba hurudia, kwa ajili ya waliokuwa mayai, na mvua ikinyesha usiku ule ule hurudia mapema zaidi. Viwavi wakubwa hawapi dawa hata kidogo. Anawaokota kwa mkono.

Kwa vidukari kwenye kunde njia ni tofauti. Hao hunyonya utomvu, wamejazana kwenye vichipukizi, na sisimizi wakipanda na kushuka kufuata utamu wanaotoa. Hapa hutumia sabuni ya mche peke yake, kama kijiko kikubwa cha iliyokwanguliwa kwa lita moja ya maji. Inamuua kidukari iliyemgusa tu. Ikikauka haina kazi. Sabuni ya unga anaikwepa kwa kuwa huunguza majani, na hata ya mche huijaribu kwanza kwenye jani moja.

Lakini mara nyingi nimemwona akiishika chupa ya maji ya sabuni na kuirudisha chini. Amekuta vidukari waliovimba, wa rangi ya kahawia, wakavu kama maganda, kila mmoja na tundu la duara mgongoni. Humo ametoka nyigu mdogo sana aliyekulia ndani yake. Akiona hao ni wengi, au akiona mbawakawa wekundu wenye madoa meusi wakila, anawafukuza sisimizi kwa majivu kwenye shina na kuwaachia wenyewe wamalize. Kujizuia huko nakupenda kuliko dawa zake zote.

Konokono ni wa masika, na kwao hana makuu. Majivu ya pumba yako tele, ila yakilowa hayamzuii mtu, kwa hiyo wakati wa mvua hayategemei. Humwagilia asubuhi ili udongo uwe mkavu usiku, na jioni hutandaza gunia bichi kati ya matuta. Wanajificha chini yake, alfajiri anawaokota akiwa amevaa mfuko mkononi, kwani konokono hubeba minyoo. Aliwahi kufuga bata kwa kazi hiyo. Walikula konokono wadogo wote, wakahamia kwenye Chinese, naye akawauza.