Radhi ya Herufi Mbili

Tuchukue karani wa wakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Tarehe 4 Machi mteja wake wa Lubumbashi alimwandikia barua pepe kwamba uzito wa mzigo umekosewa kwenye ankara, akaomba arekebishiwe. Leo ni tarehe 29 Mei, na mteja bado hajajibiwa. Wakipigiana simu, wawili hawa huzungumza Kiswahili, mmoja cha mwambao na mwingine cha Katanga, na huenda "samahani sana kaka" ingeyamaliza. Lakini ofisi ya Lubumbashi huandikiana kwa Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, na jibu litakaloingia kwenye faili ni lazima liwe la lugha hiyo.

Rasimu ya kwanza ya karani inasema: "Je suis vraiment désolée pour le retard, car j'ai été malade, ensuite il y a eu un deuil dans ma famille, et puis internet ne marchait pas." Anasikitika mno kuchelewa, kwa sababu aliugua, kisha nyumbani wakafiwa, halafu mtandao ukasumbua. Sarufi imenyooka, na yote aliyoyasema ni ya kweli. Hata hivyo mteja, ambaye ndiye aliyesubiri, amebebeshwa kazi mpya. Inambidi ampe pole ya ugonjwa na rambirambi za msiba kabla hajathubutu kuuliza habari za ankara yake, ambayo bado haijatajwa. Tena visababu vitatu vikipangwa foleni huanza kuumana. Msomaji akifika kwenye mtandao, anarudi nyuma kuutilia shaka msiba.

Mswahili akieleza kirefu kilichomchelewesha, huwa anatimiza adabu. Kukaa kimya juu ya msiba kungeonekana ni kumficha mwenzako jambo. Kifaransa cha ofisini nacho kina adabu nyingi, ila kimezishona ndani ya sentensi yenyewe, katika kitenzi kilichochaguliwa na mahali alipowekwa anayeombwa. Mwandishi akilijua hilo, maelezo hayahitajiki tena.

Karani anafuta yote na kuandika maneno machache: "Je m'excuse du retard." Sasa ni fupi, lakini hapa kuna mzozo wa zamani. Walimu wengi wa Kifaransa huwakataza wanafunzi "je m'excuse" kwa hoja kwamba mtu hawezi kujisamehe mwenyewe. Wanasarufi huitetea, kwani kitenzi hicho kimetumika muda mrefu kwa maana ya kuomba radhi tu, na barabarani husikika kila siku. Kwenye barua, hata hivyo, haifai kubahatisha. Anayeisoma huenda alifundishwa na mwalimu mkali wa aina hiyo, na atasikia mtu aliyejihukumu na kujiachia huru papo hapo.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana lugha yake imemwandaa. "Niwie radhi" humwachia mwenzako uamuzi: radhi ni yake, nawe unaiomba. Ndivyo ilivyo "je vous prie de m'excuser", nakuomba uniwie radhi. Aliyekosa anaomba, na aliyekosewa ndiye mwenye kutoa. Anayeishika "niwie radhi" moyoni hatapotea kirahisi kwenye "je m'excuse".

Rasimu ya tatu ndiyo ya kutazamwa kwa karibu: "J'ai beaucoup trop tardé à répondre à votre message du 4 mars et je vous prie de m'en excuser." Nimekawia kupita kiasi kuujibu ujumbe wako wa tarehe 4 Machi, na nakuomba uniwie radhi kwa hilo.

Uzuri wake umejificha katika herufi mbili, "en". Ni kiwakilishi kidogo kinachookota kishazi chote kilichotangulia, yaani kukawia, ujumbe na tarehe, na kukiweka mbele ya anayeombwa bila kurudia hata neno moja. Kosa limetajwa mara moja, likaombewa radhi mara moja. Tarehe nayo inafanya kazi yake. Haipunguzi kitu, na inamwonyesha mteja kwamba barua yake ilifunguliwa na kusomwa upya leo. Jambo jingine ni nafsi. Karani angeweza kuandika "votre message est resté sans réponse", ujumbe wako umebaki bila jibu, kana kwamba ulijikalia pembeni wenyewe. Hiyo ni sentensi ya kujificha. "J'ai tardé" inasema nani aliyekawia.

Wapo wanaopendelea umbo jingine, ambalo pia ni zuri: "Je vous prie de m'excuser de ne pas vous avoir répondu plus tôt." Lina mitego miwili. Mbele ya kitenzi kisichonyambuliwa, "ne" na "pas" hutembea pamoja, wala hazikipakati kitenzi kama katika sentensi ya kawaida. Mtego wa pili hunasa hata waliozaliwa na Kifaransa. "Plus tôt", maneno mawili, ni mapema zaidi. "Plutôt", neno moja, ni afadhali au badala yake. Sikio haliyatofautishi kabisa, jicho tu ndilo linaloona. Kuomba radhi kwa kutojibu "plutôt" ni kosa dogo, lakini limekaa kwenye sentensi ile ile iliyotakiwa kuonyesha uangalifu.

Kuna pia "je vous remercie de votre patience", ambayo siku hizi imeenea sana. Kwa mtu anayeombwa aendelee kusubiri siku mbili tatu, inafaa. Kwa aliyekwisha kungojeshwa wiki 12 bila neno, inamshukuru kwa kitu ambacho hakuwahi kuombwa, na radhi yenyewe haijaombwa.

Baada ya nukta ni ankara, mara moja: "Vous trouverez ci-joint la facture rectifiée." Ankara iliyorekebishwa imeambatishwa. Kama ipo sababu inayomhusu mteja, hapa ndipo mahali pake: "Le nouveau certificat de pesée ne m'est parvenu que lundi." Cheti kipya cha uzito kimemfikia karani Jumatatu tu. Hiki si kisingizio, kwa kuwa mteja anajifunza kitu kuhusu mzigo wake. Homa ya karani haimfundishi kitu.

Mwishoni vidole huwasha kuongeza "encore toutes mes excuses". Karani avizuie, kwa maana msomaji aliyekwisha kuhamia kwenye ankara atarudishwa kwenye wiki 12. Tena, kwa kuwa "je vous prie" imetumika juu, chini aepuke "je vous prie d'agréer" na kuweka "Veuillez agréer, Monsieur, mes salutations distinguées." Sikio litapumzika.

Kwa rafiki wa Bukavu yote haya hulegea: "Pardon d'avoir mis si longtemps à te répondre", kisha habari zenyewe.

Sentensi moja haitoshi pale kuchelewa kulipomtia mtu hasara. Kama kontena lilikaa bandarini likingoja ankara hiyo na gharama za kuhifadhi zikapanda, barua inahitaji sentensi ya pili, na karani hawezi kuiandika kabla hajapanda ngazi kumwona bosi wake: "Les frais de magasinage restent à notre charge." Gharama za kuhifadhi mzigo tutazilipa sisi.