Kamasi la Kijani na Chupa ya Amoksilini

Kamasi linapogeuka kijani siku ya tatu au ya nne ya mafua, kinga ya mwili iko kazini, na kuanzisha dawa ya kuua bakteria siku hiyo kwa sababu ya rangi tu ni kosa. Kosa hilo hufanyika nyumbani, dukani na hata mbele ya watu wenye vyeti vya kutibu. Namna linavyotokea huonekana vizuri mafua ya mtoto mmoja yakifuatwa siku kwa siku: mtoto wa miaka 4 wa chekechea, asiye na maradhi mengine, aliyeshikana mikono Jumatatu na mwenzake mwenye mafua kisha akajifikicha pua.

Jumatatu hiyo hakuna kinachoonekana. Rinovirusi, virusi vinavyoongoza kwa kuleta mafua, vinatua kwenye ute unaofunika ndani ya pua. Ute huo haukai tuli. Vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huusukuma nyuma kuelekea kooni, takriban milimita 6 kwa dakika, na ukishamezwa hufika tumboni, ambako asidi humaliza rinovirusi. Kwa hiyo kamasi ni njia ya kusombea adui hata kabla mtu hajajijua kuwa anaumwa. Virusi vichache vinavyoponyoka hushika seli za nyuma ya pua, huingia ndani na kuanza kuzaliana.

Seli iliyovamiwa hutoa intaferoni, protini inayozionya seli jirani zifunge njia ambazo virusi hutumia kujinakili. Waliogundua jambo hili mwaka 1957 ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, huko London, wakitumia virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto na vipande vya utando wa yai la kuku. Waliona kwamba majimaji yaliyozunguka utando huo yaliweza kulinda utando mwingine ambao haujaguswa na virusi. Lilikuwa jaribio la vyombo vichache na swali lililonyooka, na bado linafundisha kuliko matangazo mengi ya dawa za mafua.

Jumatano mtoto anapiga chafya na pua inachuruzika maji. Rinovirusi haviharibu sana seli za pua. Adha nyingi za mafua zinatoka kwenye ulinzi wenyewe. Kemikali iitwayo bradikinini hulegeza mishipa midogo ya damu, maji yanavuja, pua inavimba. Neva inayoleta hisia za pua ikiwashwa vya kutosha huamsha chafya, ambayo hutoa kwa mkupuo mmoja kile ambacho vinyweleo vingekisomba polepole. Virusi navyo hunufaika kwa kusafiri na matone hayo, ndiyo maana chafya hukingwa kwa kiwiko, wala haizuiwi kwa kubana pua. Hapa pia pana kosa la zamani lisilokoma: mtoto kupewa piritoni. Dawa hiyo huzuia histamini, na kwa watu waliopimwa wakiwa na mafua ya rinovirusi, kilichopanda puani ni bradikinini, si histamini. Piritoni hukausha pua kidogo na kumlaza mtoto. Mafua yenyewe yanaendelea vilevile.

Usiku wa Jumatano kipimajoto kinasoma nyuzi 38.2. Chembe za kinga zimepeleka ishara kwenye ubongo, prostaglandini imetengenezwa, na kiwango cha joto ambacho mwili unakitafuta kimepandishwa kwa makusudi. Ndiyo maana mtoto anatetemeka na kuomba blanketi ilhali ngozi yake ni ya moto: kwa kipimo kipya cha ubongo, mwili bado una baridi.

Mtafiti wa mafua David Tyrrell alilijua suala la joto kwa vitendo. Kituo cha utafiti wa mafua cha Salisbury, Uingereza, kilichofunguliwa mwaka 1946, kilihangaika kwa miaka mingi kuotesha virusi vya mafua kwenye chupa. Mwaka 1960 Tyrrell na wenzake waliona vinaota wakishusha joto hadi nyuzi 33, ambalo ni joto la pua, badala ya 37 la mwili. Virusi vinavyopenda pua yenye ubaridi havipendi joto kupanda. Panado kwa mtoto anayeteseka na asiyeweza kunywa wala kulala ni sahihi. Kumpa kila baada ya saa chache ili namba ya kipimajoto tu ishuke hakufupishi mafua.

Kisha inafika Ijumaa. Asubuhi kitambaa kina kamasi zito la kijani, na mama anaambiwa dukani kwamba mafua “yamegeuka kuwa bakteria”. Anauziwa amoksilini ya maji. Hakuna aliyehesabu pumzi za mtoto, hakuna aliyeuliza kama anacheza, hakuna aliyeangalia masikio. Uamuzi wote umesimama juu ya rangi.

Rangi hiyo ina asili inayojulikana. Kufikia siku ya tatu, chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili zimemiminika puani kwa wingi. Ndani yake mna kimeng'enya chenye chuma, mieloperoksidesi, ambacho chenyewe ni cha kijani. Nyutrofili zikifa na kupasuka, kamasi hupakwa rangi yake. Hili hutokea katika mafua ya virusi vitupu sawasawa na penye bakteria, kwa hiyo rangi haiwezi kuvitofautisha. Dalili ipo kwenye kitambaa kilekile: kamasi lililolala puani usiku kucha hutoka la kijani asubuhi, na kufikia mchana, mtoto akiwa amekunywa maji na kupenga, linakuwa jepesi na jeupe.

Amoksilini nayo hufanya kazi moja: huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Rinovirusi havina ukuta huo, hivyo dawa haina pa kushika puani. Inapopata pa kushika ni tumboni, kwa bakteria waliokuwa wakiishi humo bila kudhuru, na mtoto anaanza kuharisha. Bakteria wanaosalia ni wale wanaoihimili. Jumatatu inayofuata mtoto yuko nafuu, kama ambavyo angekuwa bila dawa, kwa kuwa mafua hufika kileleni siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Chupa inapewa sifa, na kosa linapata nguvu ya kurudiwa.

Zipo dalili ambazo zingehalalisha mtoto kupelekwa kwa mganga: mafua kupita siku 10 bila nafuu yoyote, nafuu kuonekana kisha homa kurudi, homa ya nyuzi 39 kwa siku tatu mfululizo pamoja na kamasi zito, sikio kuuma, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, zikihesabiwa dakika nzima akiwa ametulia, zinaashiria nimonia. Kuhesabu huko hakuhitaji zaidi ya saa ya mkononi.

Kingamwili zinazolenga virusi hivi hasa huonekana baada ya wiki moja au mbili, pua ikiwa imeshakauka na kikohozi kikimalizikia. Zitamlinda mtoto dhidi ya aina ile iliyomwingia, pengine na chache zinazofanana nayo. Aina za rinovirusi zinazojulikana zimepita 160, na aina nyingine ikiingia darasani mwezi ujao, seli za pua yake zitaanza tena na intaferoni.