Sifuri ya Mwombaji wa 12

Waliokuwa kwenye warsha ya maafisa utawala na rasilimali watu hawahitaji kusimuliwa. Zoezi lilikuwa la kuchuja waombaji: jopo la watu watatu, wasifu kumi na tano za mfano zisizo na majina, tangazo la nafasi ya ofisa utawala, na skrini kubwa ili sote tuone alama zikiingizwa. Jopo lilianza vizuri: lilihakiki vyeti kwanza, likaondoa wasio na sifa za msingi, likafuata muda. Baada ya hapo likamtoa mwombaji wa 12 na kumpitisha wa 7, na hapo likakosea kabisa.

Kosa lilitokea katika dakika moja, na inafaa kuirudia taratibu. Karatasi ya alama ilikuwa na maneno kumi yaliyochotwa kwenye tangazo: Word, Excel, PowerPoint, Outlook, mawasiliano, kazi ya timu, uandishi wa mihtasari, masurufu, majalada na uratibu wa safari. Kila neno lililoonekana lilipewa alama moja. Alama ya kuvuka ilikuwa 6. Walipofika kwa mwombaji wa 12, mjumbe wa kwanza akauliza, "Masurufu yapo?" Wa pili akashuka kwa kidole hadi kwenye sehemu ya ujuzi, akaona mambo manne tu, akajibu, "Hayapo." Sifuri ikaandikwa.

Yapo! Yalikuwa nusu ukurasa juu ya kidole chake, chini ya kazi ya mwisho ya mwombaji. Nanukuu mstari kama ulivyokuwa kwenye skrini: "Kutunza daftari la masurufu la wafanyakazi 35 kwenye Excel, kuwafuatilia waliopitisha siku 14 tangu kurudi safari bila kufanya marejesho, kulinganisha masalio na mhasibu kila mwisho wa mwezi." Ukumbini tulikuwa watu wengi tunaosoma mstari huo. Jopo halikuusoma, kwa kuwa karatasi yao iliwaelekeza kwenye kisanduku cha ujuzi, nao wakaishia humo.

Tazama mstari ule unabeba nini. Kuna chombo, Excel. Kuna kazi, daftari la masurufu. Kuna ukubwa, wafanyakazi 35. Kuna kanuni anayoijua, siku 14. Zaidi ya yote, kuna mtu wa pili anayeikagua kazi hiyo kila mwezi, yaani mhasibu. Anayelinganisha masalio na mhasibu mwezi baada ya mwezi hawezi kuwa hajui Excel, kwa maana hesabu zisipokubaliana lazima aonyeshe seli iliyokosewa. Anajua pia ugumu halisi wa kazi ya masurufu, ambao ni kumfuata mkuu wa idara aliyerudi safari wiki tatu zilizopita na bado hajaleta risiti. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kukumbuka kuandika habari ya siku 14. Hiyo ndiyo alama ya kuijua kazi, na ndiyo iliyopewa sifuri.

Sasa mwombaji wa 7. Ujuzi wake ulikuwa vipengele kumi na vinne kwenye safu mbili, vikipambwa na vinyota. Microsoft Office nyota tano, kisha chini yake Word, Excel na PowerPoint, kila moja na nyota zake, kana kwamba hazimo ndani ya Office. Uongozi nyota nne. Kufanya kazi chini ya shinikizo, tano. Wasomaji wa safu hii wanajua ugomvi wangu na nyota na vile vipau vya asilimia, lakini sitaacha kuuliza: Excel ya asilimia 85 ni ipi? Asilimia 85 ya nini, na nani aliyepima? Mwombaji amejisahihishia mtihani wake mwenyewe, na jopo limeyapokea majibu kama yalivyo.

Jingine lililopaswa kulishtua jopo ni mpangilio. Maneno tisa ya mwombaji wa 7 yaliyolingana na tangazo yalifuatana kwa utaratibu uleule wa tangazo, na mawili yakiwa na tahajia ileile isiyo ya kawaida. Peke yake hiyo si dhambi. Waombaji hushauriwa kulinganisha wasifu na tangazo, na ushauri huo si mbaya. Lakini ukiona orodha imefuata tangazo hatua kwa hatua, panda juu kwenye uzoefu uone kama maneno hayo yanarudi yakiwa yanafanya kazi. Kwa mwombaji wa 7 hayarudi. Miaka yake minne ya usaidizi wa utawala ilielezwa hivi: "Kufanya kazi zote za ofisi na nyingine kama nitakavyoelekezwa." Mstari mmoja tu ulikuwa na nyama: kukata tiketi na kupanga malazi ya wafanyakazi waendao mikoani. Alipata 9 kati ya 10. Mwombaji wa 12 alipata 4.

Nikasoma upya kwa njia ninayoililia miaka yote. Kwanza, kwenye tangazo chukua vitenzi, acha nomino. Tangazo lile, ukiondoa mapambo, lilitaka mtu wa kufanya mambo manne: kuandika na kusambaza mihtasari ya vikao, kusimamia masurufu na marejesho yake, kutunza masjala, na kuratibu safari. PowerPoint haikutajwa popote kwenye majukumu. Ilikuwa kwenye sifa kwa mazoea, kama inavyokuwa katika kila tangazo linalonakiliwa kutoka tangazo la mwaka uliopita.

Pili, kwa kila jambo soma wasifu mzima, kisha toa alama 0 hadi 3. Sifuri ni kwamba halipo kabisa. Moja, limetajwa tu. Mbili, limeonekana likifanywa katika kazi fulani. Tatu, limeonekana likifanywa na kuna kiasi, muda au mkaguzi, kitu ambacho msaili anaweza kukiulizia swali.

Mwombaji wa 7: mihtasari, 1, ni neno tu. Masurufu, 1, vilevile. Masjala, 0, neno pekee alilokosa kwenye orodha yake ndilo jukumu zito la tangazo. Safari, 2, kwa ule mstari wa tiketi. Jumla ni 4 kati ya 12.

Mwombaji wa 12: aliandika kwamba alichukua muhtasari wa kikao cha menejimenti kila Jumatatu na kuusambaza kabla ya Jumatano mchana. Hiyo ni 3. Masurufu, 3, tumekwisha kuona kwa nini. Masjala, 2: alifungua na kufunga majalada na kutunza rejista ya barua zinazoingia na kutoka, ila hakusema ni mengi kiasi gani wala kama rejista ilikuwa ya daftari au ya kompyuta. Safari, 0. Kuna atakayesema masurufu yanaashiria safari, kwa hiyo apewe moja. Sikubali. Kudai marejesho ya safari hakukufanyi mratibu wa safari, na ukianza kumkisia mema unayempenda, umerudi kulekule kwa jopo. Jumla yake ni 8, mara mbili ya aliyepitishwa.

Njia hii ina mipaka. Anayeandika wasifu vizuri si lazima awe mchapakazi, na namba hutungwa. Kwa hiyo namba nayo ipimwe. Mtu akidai aliandika mihtasari 400 kwa mwaka, kumbuka mwaka una siku za kazi 250 hivi. Ama ofisi yake ilikuwa ikikaa vikao asubuhi na jioni, ama anakuhadaa. Tarehe pia husema. Nimeona wasifu unaotaja Microsoft Teams kwenye kazi iliyoisha 2015, ilhali Teams ilianza kutumika 2017. Mwandishi alikuwa amebandika orodha ileile ya ujuzi chini ya kila kazi aliyowahi kufanya.

Upande wa pili, wapo wanaoijua kazi na hawajui kuieleza, hasa waliofanya kazi ofisi ndogo ambako mtu mmoja ndiye masjala, mapokezi na mhasibu msaidizi. Ndiyo maana alama 1 haimaanishi "hajui". Inamaanisha wasifu haujasema. Mwenye alama 1 kwenye jukumu la lazima, na vingine vikiwa vimesimama, mpe jaribio la dakika ishirini kabla ya usaili: orodha ya masurufu ya watu kumi yenye tarehe za safari, atoe majina ya waliochelewa na jumla ya deni. Jopo lile halikufikiria kabisa jaribio, kwa sababu nyota zilikuwa zimeshawajibia.

Kuhusu namna ya kueleza ujuzi, mtaniruhusu nirudi Tabora, najua mmechoka. Makatibu mahsusi waliotoka Chuo cha Uhazili Tabora, kabla hakijawa sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma, walikuwa na wasifu wa ukurasa mmoja, na sehemu ya ujuzi ilikuwa mistari miwili mitatu: hatimkato ya Kiswahili maneno 80 kwa dakika, ya Kiingereza maneno 80, na kasi ya kupiga chapa. Matangazo ya serikali ya nafasi hiyo yaliandikwa kwa lugha hiyohiyo, 80 kwa dakika moja, katika lugha zote mbili. Hakuna aliyejiita "mahiri". Msomaji alijua ni ujuzi gani, kiasi gani, na kwamba mtahini ndiye aliyeshika saa. Mtaniambia hatimkato imepitwa na wakati. Imepitwa, lakini tulipoitupa tulitupa na kipimo chake, tukabaki na "ujuzi mzuri wa kompyuta", maneno ambayo katibu wa zamani wa Tabora angeyarudisha kwa wino mwekundu.

Mwombaji wa 12 aliandika kama wao. Vipengele vinne, hakuna nyota, na ushahidi ukiwa mahali pake, kwenye kazi. Kosa lake pekee ni kudhani kwamba atakayemsoma atasoma na sehemu ya juu.

Dawa haigharimu kitu. Kwenye karatasi ya alama, kando ya kila jukumu, ongezeni safu ya kuandika namba ya ukurasa na mstari ambapo mjumbe ameuona ujuzi ukitumika. Asiyeweza kujaza safu hiyo asitoe zaidi ya 1, na anayetaka kutoa sifuri aandike kwanza kwamba ameusoma wasifu wote. Laiti mjumbe wa pili angelazimika kuweka saini chini ya maneno hayo kabla ya kusema "hayapo", kidole chake kingepanda juu.